Tupeane uzoefu: monita mpya ina nukta au mwanga unavuja pembeni, waranti ilikubali?

Kipepeo_K: Wakuu, nimefungua monita mpya, Full HD. Kwenye picha nyeusi kuna nukta ya kijani haizimiki. Muuzaji anadai nukta moja siyo ubovu. Nyie mliopitia haya, ilikuwaje?

Mzee wa Saketi: Kwanza futa kioo, vumbi limeshawadanganya wengi. Kisha piga skrinishoti uifungue kwenye simu. Nukta ikiwemo kwenye picha, tatizo ni kompyuta. Isipokuwemo, ni kioo.

Yangu ilikuwa nyekundu. Waranti ilifuata daraja la II la ISO 13406-2, kiwango cha zamani ambacho nafasi yake ilichukuliwa na ISO 9241 mwaka 2008. Kwa kila pikseli milioni moja kilivumilia pikseli nzima 2 zinazowaka daima, 2 zilizokufa, na vijipikseli 5 vibovu. Kijipikseli ni theluthi ya pikseli: chekundu, cha kijani au cha bluu. Full HD ina pikseli milioni 2 na kidogo, kwa hiyo nilitakiwa nizidishe vijipikseli 10 ndipo wanisikilize. Nilikuwa na kimoja. Na nukta yako ya kijani, Kipepeo, ni kijipikseli, siyo pikseli nzima.

Dada Nuru: Kibonyeze na kitambaa laini, kinaamka. Changu kiliamka.

Mzee wa Saketi: Kilichoganda kwenye rangi, labda. Pikseli nyeusi tii kwenye picha nyeupe imekufa, haifufuki. Na kubonyeza kioo kunaweza kukuongezea ubovu ambao waranti haigusi kabisa. Afadhali programu ya kubadilisha rangi haraka, uiache saa kadhaa. Hata hiyo haina uhakika.

Babu Chaji: Ya kwangu haiwaki kabisa, niende wapi?

Kipepeo_K: Babu, hiyo ni mada nyingine, fungua uzi wako 😄

Tumbiri: Mimi ni mwanga kwenye kona. Nilituma picha ya simu, wakanijibu kamera imezidisha. Na kweli, simu gizani huvuta mwanga kuliko jicho. Niliporudia kwa mwangaza wa kawaida wa monita, doa moja lilihama nilipohamisha kichwa, lingine likabaki palepale. Linalohama ni tabia ya paneli za IPS, wala usilidai. Lililobaki ndilo mvujo. Ila waranti yangu ilihesabu pikseli tu, kuhusu mvujo haikuandika namba yoyote, ikawa maneno yangu dhidi ya ya fundi.

Dada Nuru: Kwa hiyo hawakubadilisha?

Tumbiri: Waranti ilikataa. Duka lilipokea, kwa sababu muda wao wa kurudisha bidhaa ulikuwa haujaisha na hawakuuliza idadi ya chochote. Kipepeo, soma risiti yako kabla ya kubishana na waranti.

Kipepeo_K: Risiti inasema boksi liwe zima. Nililichana 😩 Kuna aliyekubaliwa bila boksi?