Njano kwangu, kijani kwake: mataa haya ya barabara kuu Mbeya yatatumaliza

Mama Viazi wa Uyole ameandika:

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Alhamisi saa kumi na moja jioni nilikuwa natoka upande wa Nzovwe kuelekea Uyole, kirikuu changu nyuma kina magunia matano ya viazi. Kuna mataa pale barabara kuu ambayo wa Mbeya mkisoma mtayajua, siyataji kwa sababu kesi haijaisha. Nakunja kulia kuingia mtaani kwa mteja. Upande wetu hakuna mshale, kuna taa ya mviringo tu. Ikawaka kijani. Nikasogea mpaka katikati, nikasimama nikisubiri wanaotoka Uyole wapite, maana wao wana kijani kama mimi na wanaonyoosha ndio wenye njia. Nayajua hayo, leseni yangu sikuinunua.

Magari yakapita, yakapita, hayaishi. Mbele yangu, upande wa pili, semi nayo inataka kukunja kulia kuingia mjini, imeniziba macho yote. Mara taa yangu ikawa njano. Nikajua basi, nao imewageukia njano, sasa wanasimama, nitoke katikati kabla mtaa wa pembeni haujafunguliwa. Nikakunja.

Fuso ikachomoza ubavuni mwa semi ikiwa na mwendo wake. Ilinipiga ubavu wa kushoto, nyuma ya mlango, kirikuu kikageuka kinatazama nilikotoka. Viazi barabara nzima. Namshukuru Mungu sikuwa na mtoto siku hiyo.

Dereva wa Fuso anaapa taa yake ilikuwa kijani. Nikamwita mwongo mbele za watu. Trafiki akaandika kosa ni langu, faini elfu thelathini, na bima yangu ni ile ndogo, kwa hiyo ubavu wangu nautengeneza mwenyewe.

Jumapili nikarudi pale kwa miguu, nikakaa kwa muuza kahawa, simu mkononi, naangalia pande zote mbili. Wakuu, yule dereva hakusema uongo! Taa ya upande wangu inakwenda njano, kisha nyekundu, na ya wanaotoka Uyole inabaki KIJANI, tena wanaongezewa mshale wa kulia. Nimehesabu mizunguko kumi. Kila mara wanabaki na kijani sekunde kumi na mbili baada yangu.

Sasa mimi niliye katikati nitajuaje? Taa yake inamtazama yeye, siioni. Nani alipanga kitu hiki, na kwa nini hakuna hata kibao?

Kinda la Ipogolo:

Pole sana mama. Huku Iringa ni yale yale, bodaboda wanakata kushoto taa ikiwa nyekundu kama vile haiwahusu. Juzi mmoja amenivunjia kioo cha pembeni. Nidhamu hakuna.

Mama Viazi wa Uyole:

Mwanangu, asante, ila mimi sisemi nidhamu. Mimi na Fuso wote tulifuata taa zetu tukakutana.

Mwanasheria wa Kijiweni:

Dada, usilipe hiyo faini. Gari lililoingia kwenye makutano kwa kijani lina haki ya kumaliza safari yake hata taa ikibadilika. Fuso ilitakiwa ikusubiri utoke. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, nenda mahakamani.

Fundi Taa Mstaafu:

Pole, Mama Viazi. Nimefunga mataa miaka mingi, na ulichokutana nacho sisi tulikiita mtego wa njano. Ni mtego wa kweli, hujaota.

Kwanza nimjibu Mwanasheria, maana ushauri wake utampeleka mtu pabaya. Haki ya kumaliza makutano unayo mbele ya wale wa mtaa wa pembeni, ambao wamepewa kijani sasa hivi wakakukuta ungali katikati. Hao wakusubiri. Mbele ya anayekuja usoni akiwa na kijani chake huna haki hiyo, kwa sababu anayekunja kulia ndiye anayekata njia ya mwenzake. Trafiki aliangalia hilo peke yake, na kwa hilo yuko sawa. Kwamba mataa ndiyo yalikudanganya, hiyo ni hoja nyingine, na inawahusu wenye mataa.

Sasa mtego unavyotokea. Barabara kuu inafunguliwa pande zote mbili pamoja. Jioni wanaotoka Uyole kukunja kulia kwenda mjini ni wengi, na hawapati upenyo kwa sababu ninyi wa Nzovwe mnanyoosha. Aliyepanga akaona awape muda wao mwishoni: anawafunga ninyi mapema, wale wanabaki na kijani pamoja na mshale, wanamalizika. Kwa mwenye mshale ni raha tupu. Aliyesahauliwa ni mtu mmoja, aliyesimama katikati akitoka upande unaofungwa. Yeye anaamini njano yake ni njano ya wote, kwa sababu kwenye mataa mengi ndivyo ilivyo.

Dawa haihitaji nguzo mpya. Mshale uhamishwe kutoka mwisho wa kijani uwekwe mwanzo. Wanaotoka Uyole waanze wao wakiwa na mshale, ninyi mkiwa nyekundu. Mshale uzimike, kisha nanyi mfunguliwe, halafu pande zote mbili zifungwe kwa pamoja. Hapo njano yako ikiwaka, na yake imewaka. Ni kazi ya kubadilisha mpangilio ndani ya kabati la mataa.

Semi Tunduma–Durban:

Nyie mnajisumbua. Taa ikimweka, yaani inawaka na kuzimika, njia ni yako. Mimi nafika Sauzi kila mwezi, kule mshale unamweka na unakunja bila kumwangalia mtu. Waweke wa kumweka hapa, yaishe.

Fundi Taa Mstaafu:

Mkuu, kumbuka rangi. Sauzi unaomweka ni mshale wa KIJANI, na kweli ukiuona wanaokuja wamefungwa. Marekani wana mshale unaomweka wa NJANO, na maana yake ni kinyume kabisa: unaruhusiwa kukunja, ila wapishe wanaokuja kwanza. Tena unauondoa mtego huu huu, kwa sababu mshale ule unaweza kuendelea kumweka kwa kadiri wanaokuja wanavyobaki na kijani, hata kama wanaonyoosha upande wako wameshafungwa. Dereva akiubeba uzoefu wa Sauzi bila kuangalia rangi, siku moja atauawa nao.

Mwalimu wa Mbalizi:

Samahani, na ile njano ya usiku? Saa sita mataa hayo yote yanamwekamweka. Mimi hupita tu, kwani si imebaki tahadhari?

Fundi Taa Mstaafu:

Mwalimu, njano inayomweka usiku haijamsimamisha mtu yeyote, wala wewe wala anayekuja. Hesabu kwamba mataa hayapo, fuata alama za chini na vibao, na ukikunja kulia mpishe anayekuja usoni. Ukiiona mchana, mara nyingi mtambo wenyewe umegundua hitilafu ukajiweka hivyo usije ukatoa kijani mbili zinazogongana. Lakini mtego wa Mama Viazi mtambo hauwezi kuugundua, kwa sababu kwake kila kitu kiko sawasawa. Hakuna taa mbovu pale.

Mama Viazi wa Uyole:

Fundi, asante, walau sasa najua sina wazimu. Ila niambie la kesho asubuhi. Viazi haviwezi kungoja mtu abadilishe kabati. Nikishasimama katikati na njano ikawaka, nifanyeje?

Fundi Taa Mstaafu:

Achana na taa yako, angalia matairi yao. Mwendo wa 50 kwa saa ni karibu mita 14 kila sekunde. Kirikuu chenye mzigo, kutoka kusimama mpaka mkia utoke kwenye njia yao, kipe sekunde tano. Hiyo ni mita 70, na kwa semi iliyokuziba wewe huoni hata 20. Kwa hiyo hukunji mpaka wa njia ya kunyoosha awe amesimama kabisa kwenye mstari wake, hata kama nyuma yako ni nyekundu na wanakupigia honi. Wakishafungwa unakuwa na sekunde chache kabla ya mtaa wa pembeni kufika ulipo. Unamaliza.

Bajaji Namba Tisa:

Mzee hapo umekosea. Kwa nini aingie katikati kabisa? Abaki nyuma ya mstari mpaka aone upenyo. Akikosa, asubiri mzunguko mwingine. Mimi nafanya hivyo na sijagongwa.

Fundi Taa Mstaafu:

Wewe ni bajaji, wenzako wanakupita pembeni. Kirikuu kikibaki kwenye mstari pale, ambapo hakuna njia ya peke yake ya wanaokunja, foleni nzima ya kwenda Uyole inasimama nyuma yake, na jioni mzunguko mwingine utakuwa vile vile. Ila sikukatalii. Kwa mataa yenye mtego, kubaki nyuma ya mstari ni salama zaidi.

Semi Tunduma–Durban:

Na huo mshale ukiwekwa mwanzo, ukizimika mwenye semi ndiyo kwanza nimefikisha kichwa katikati, tela liko kwenye mstari. Kijani cha mviringo bado kinawaka, wa nyuma yangu wanafuata mkia wangu wakidhani mshale upo. Wa Nzovwe wamefunguliwa. Itakuwaje?

Fundi Taa Mstaafu:

Hilo ni swali zuri, na ni kweli hapo ajali huhamia mwanzoni. Ziachwe sekunde chache kati ya mshale kuzimika na Nzovwe kufunguliwa. Semi ndefu bado itabana. Njia ya kuondoa yote ni kumpa anayekunja kulia taa yake mwenyewe yenye mshale mwekundu, asikunje kabisa isipokuwa kwa mshale wa kijani. Inahitaji njia ya peke yake, na barabara pale ni finyu.

Mwanasheria wa Kijiweni:

Mimi bado nasema asilipe.

Mama Viazi wa Uyole:

Nimeshalipa kaka.

Mrejesho. Leo nimekwenda kwa wenye mataa na zile hesabu zangu za mizunguko kumi. Nimeambiwa niandike barua. Nimeuliza niiandike kwa nani, wakatazamana.

Kurudi nimepitiliza mataa, nikaingia kushoto, kushoto tena, kushoto tena, nikaibukia mtaa wa pembeni ili nivuke moja kwa moja bila kukunja. Dakika saba na mafuta juu. Nikiwa pale mbele kwenye nyekundu, katikati kuna bajaji yenye abiria wawili inatoka Nzovwe, inasubiri kukunja. Naona taa yao imegeuka njano. Nikatoa kichwa dirishani nikampigia kelele asikunje. Akanigeukia kuniuliza nini, na basi dogo likapita mbele ya pua yake.

Nimerekodi kwa simu kuanzia hapo. Naipandisha kesho nikipata bando.