Nimefiwa, halafu lile liakaunti linanipa HONGERA!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Mnamjua. Yule wa picha ya machweo, anayekomenti kwa kila mtu kama kalipiwa kwa neno. Leo kanifikia mimi.

Nimeandika hivi: "Bibi yetu amemaliza safari yake usiku huu." Hata simu sijaiweka chini, huyo kashajibu: "Hongera kwa hatua hii muhimu! Safari yako ni ushahidi kwamba kila mwisho ni mlango wa mwanzo mpya. Je, umejifunza nini katika safari hii?"

HONGERA. Ya msiba. Na mimi, kwa machozi yaliyokuwa yamejaa machoni, nikasoma nusu nusu nikamjibu "asante sana, nimefarijika." Nilishukuru, wakuu! Nilipofuta macho nikamuuliza hongera ya nini. Akasema: "Swali zuri sana!"

Nimehesabu. Kati ya posti yangu na komenti yake zimepita sekunde 6. Maneno 23 kwa sekunde 6 ni kama maneno 230 kwa dakika, kabla hata hujahesabu muda wa kusoma. Hata karani aliyezaliwa na taipureta mkononi hafiki huko. Hongera, jamani!

Mpiga_Soga: Pole kwa msiba mkuu. Ila hapo pa "nimefarijika" nimecheka mpaka nimeamsha watu.

Tarakimu_Hazidanganyi: Mbona rahisi. Angalia jina lake, kama lina tarakimu nyingi mwishoni ni roboti. Mimi nablock hapo hapo.

Juma48210937: Asante. Mfumo ndio ulinipa hizi namba siku najiunga, nikaona uvivu kubadilisha. Kumbe ndiyo maana mtaa mzima hamnijibu.

FundiMitambo: Poleni na msiba. Namba zinakupa shaka tu, hazithibitishi kitu. Hizo sekunde 6 ndizo zenye uzito, maana mtu anaweza kupesti maneno yaliyo tayari, lakini hawezi kuwa macho kwa kila posti. Chukua komenti zake za wiki mbili, uzipange kwa saa za siku. Binadamu ana shimo la usingizi, saa kadhaa tupu, karibu pale pale kila siku. Nimempanga huyu wenu: hana shimo. Saa 9 usiku ana komenti nyingi sawa na saa 9 mchana.

Kisha nimechukua "ni ushahidi kwamba kila mwisho ni mlango", nikaizungushia alama za kunukuu na kuitafuta. Imetoka kwenye akaunti 11, zote zina umbo lile lile: sifa, methali ya kubuni, halafu swali. Kuhusu hongera, nadhani kuna orodha ya maneno nyuma yake. Ameona "amemaliza" na "safari" akachota kwenye kapu la mafanikio. Mtambo unaosoma sentensi nzima kwa kawaida ungetambua msiba, ila sina hakika kama huu haukuusoma vibaya tu.

Mama_Ukweli: Kwa hiyo kila anayeposti usiku ni roboti? Mimi nafanya zamu za usiku!

FundiMitambo: Hapana mama. Wewe shimo lako liko mchana, lakini lipo. Tena hata kukosa shimo hakutoshi peke yake, akaunti moja inaweza kuendeshwa na watu watatu kwa zamu. Na maneno yanayofanana peke yake hayatoshi pia, mashabiki wa mpira hukopi ujumbe mmoja mia nzima na wote wana damu. Shika vyote vitatu pamoja: kasi, kukosa shimo na maneno yanayofanana.

Tarakimu_Hazidanganyi: Mimi nilimkamata mmoja anaposti saa kamili, haipungui wala kuzidi hata dakika, kila siku. Roboti huyo.

FundiMitambo: Au mtu aliyepanga posti zake mapema. Wajanja siku hizi wanaongeza dakika za bahati nasibu, hutawaona saa kamili.

Mleta mada: Tumetoka kwenye HONGERA. Bibi yangu wakuu.

Sarufi_Sanifu: Mimi nina kesi kubwa kuliko hiyo. Nimeitwa roboti kwa kuweka mkato mahali pake! Niliandika aya tatu safi, mtu akasema "hii imetengenezwa." Nimesoma miaka yote hiyo niandike vibaya ndio nionekane mtu?

Mpiga_Soga: Roboti angesema hivyo hivyo.

Sarufi_Sanifu: Unaona sasa?

Mama_Ukweli: Usimjibu huyo, mimi ananisumbua tangu mwezi uliopita.

Juma48210937: Samahani, hizi namba za kwenye jina zinabadilishwa wapi?

Mama_Ukweli: Nenda mipangilio, halafu akaunti. Ila mimi yangu ilikataa. Wewe jaribu uniambie.