Ujumbe wa Kijerumani: nifomati kadi, nimlipe fundi au nijaribu mwenyewe?

Binti_Ngamiani: Asalaam aleikum. Nimenunua laptopu iliyotumika, imetoka Ujerumani. Nikichomeka kadi ya kamera yenye picha za harusi ya dada inaandika hivi: "Sie müssen den Datenträger… formatieren, bevor Sie ihn verwenden können." Fundi anataka elfu arobaini, shemeji anasema nibonyeze tu. Nifanyeje?

Mzee_Chumbageni: Waaleikum salaam. Ujumbe umeukata pabaya, mwanangu. Baada ya neno Laufwerk kuna herufi gani? Na vitufe vya chini vimeandikwaje?

Binti_Ngamiani: Herufi ni E. Vitufe ni "Datenträger formatieren" na "Abbrechen".

Mzee_Chumbageni: Bonyeza Abbrechen, ndiyo "ghairi". Ujumbe wote unasema: "Lazima ufomati diski iliyo kwenye E: kabla ya kuitumia." Hilo "lazima" lisikutishe. Windows imeshindwa kutambua mpangilio wa mafaili, lakini picha zenyewe huenda bado zipo. Jaribu kisomeo kingine cha kadi. Ikigoma, fungua cmd kwa "Als Administrator ausführen", yaani kama msimamizi:

```
chkdsk E:
```

Usiongeze /f. Hivyo itasoma tu, haitaandika kitu. Ikitaja RAW, chkdsk haikufai tena, nenda kwa PhotoRec, programu ya bure ya kurudisha picha. Picha zitakazopatikana zihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye E. Majina ya mafaili utayakosa.

Dogo_Raskazone: Mnamtisha bure. Fomati haifuti picha, mimi nilifomati na nikazirudisha zote.

Mzee_Chumbageni: Ni kweli pale tu Schnellformatierung, yaani fomati ya haraka, ikiwa na tiki. Ukiitoa tiki, tangu Windows Vista fomati kamili huandika sifuri kadi nzima. Hapo hata PhotoRec haina cha kuokota.

Mama_Mwani: Jamani, yalinikuta. Laptopu ya kuazima, ya Kichina, fleshi ina hesabu zangu za mwani za miaka mitatu. Nikabonyeza kitufe cha kwanza kwa mazoea ya kubonyeza "sawa". Mstari wa kijani ukaanza kutambaa polepole, nami nimekaa nangoja fleshi ifunguke. Ilifunguka kweli, tupu. Ilibidi nizunguke kwa kina mama mmoja mmoja kuuliza nani alileta kilo ngapi, na wawili hatujaelewana mpaka leo.

Kaka_Pongwe: Yangu ni ya Kijapani, nataka iwe Kiingereza ila lugha haiongezeki.

Dogo_Raskazone: Angalia toleo. Ikiwa ni Home Single Language ndiyo shida, hiyo hairuhusu lugha ya pili.

Binti_Ngamiani: Kisomeo kingine kimegoma, na chkdsk imetaja RAW. Kadi ni GB 32, laptopu imebaki na GB 9.

Mzee_Chumbageni: Basi usianze, itajaa katikati. Azima diski ya nje kwanza.

Mama_Mwani: Na huyo fundi muulize: anatengeneza nakala ya kadi kabla ya kuigusa, au anafanyia humo humo?

Binti_Ngamiani: Nimemuuliza, anasema nimletee tu ataangalia.