Mteja kaomba kipengele kipya wiki moja kabla ya majaribio. Nimwandikieje kwamba ratiba itasogea?

Mtu_wa_Pongwe

Wakuu, shikamooni, na wengine habari za kazi. Naomba mnisomee barua pepe hii kabla sijaituma.

Nafunga mfumo wa malipo ya maziwa kwa chama kimoja cha wafugaji upande wa Muheza. Wanachama ni 412, vituo vya kukusanyia vitatu, na malipo ni mara mbili kwa mwezi: lita za tarehe 1 hadi 15, kisha za 16 hadi mwisho wa mwezi. Tulikubaliana kuwa kuanzia 16 hadi 30 Juni makarani waandike lita kwenye daftari na kwenye mfumo pia, tulinganishe malipo ya pande zote mbili. Zikilingana, 1 Julai daftari linafungwa.

Jana, tarehe 9, mwenyekiti kanipigia. Chama kina duka la pembejeo linalokopesha pumba, mashudu na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mfumo ulivyo sasa unakata deni lote kwenye malipo yanayofuata. Wao wanataka likatwe kwa awamu. "Mwanangu, si unaongeza kisanduku tu hapo?" Ombi lenyewe ni la haki, maana kuna wafugaji wangeondoka dirishani bila kitu. Programu naweza kuimaliza kwa siku nne, ila ratiba naiona inasogea wiki mbili, na sijui nimweleze vipi asidhani namzungusha. Nimeandika hivi:

> Ndugu Mwenyekiti, kipengele ulichoomba hakikuwemo kwenye mahitaji yaliyosainiwa. Kukiongeza kunahitaji mabadiliko ya hifadhidata na moduli ya makato, pamoja na kurudia majaribio. Hivyo ratiba itachelewa takribani wiki mbili. Naomba radhi kwa usumbufu.

Fundi_Kange

Mkuu, kama barua pepe haiendi, angalia mipangilio ya seva ya kutumia. Mimi ilinisumbua wiki nzima, kumbe nenosiri lilikuwa limebadilishwa.

Mtu_wa_Pongwe

Hapana ndugu, kutuma inatuma. Shida ni maneno.

Mzee_wa_Makorora

Mwambie mkataba umesainiwa, basi. Mimi nilifunga mfumo wa duka la dawa hapa mjini, kila wiki mwenye duka alikuwa na jipya. Mpaka leo hajamaliza kunilipa.

Bi_Raskazoni

Mzee wangu, pole kwa hilo, na mkataba ni kweli atauhitaji kwenye mazungumzo ya pesa. Lakini ukiuweka kwenye sentensi ya kwanza, mwenyekiti ataacha kusoma hapo hapo.

Mdogo wangu wa Pongwe, barua yako haina sababu ndani yake. "Hifadhidata" na "moduli" ni mambo yako wewe. Hebu nijibu: madeni ya duka uliyaingiza vipi kwenye mfumo?

Mtu_wa_Pongwe

Kila mwanachama tarakimu moja, jumla ya anachodaiwa. Mhasibu alinipa kwenye karatasi.

Bi_Raskazoni

Hapo ndipo siku zako zinapoliwa. Ili mfumo ukate kwa awamu, lazima ujue kila mkopo ulichukuliwa lini, wa kiasi gani, na umebaki kiasi gani. Hayo yako kwenye daftari la duka. Umeliona?

Mtu_wa_Pongwe

Nimeliona dada. Ni kubwa la jalada gumu. Kuna mistari imeandikwa "mama Zuhura, mashudu mifuko 2" bila namba ya uanachama. Mwanachama ni mumewe, na jina la mumewe halipo kabisa kwenye ukurasa ule.

Bi_Raskazoni

Basi anza barua na mama Zuhura, mwenyekiti anamjua. Kuoanisha majina 412 na daftari la namna hiyo, watu wawili, mmoja wao karani wa duka mwenyewe, usikadirie chini ya siku nane za kazi. Ukianza kesho, hata kama wanafanya kazi Jumamosi, mtafika tarehe 18 au 19.

Sasa tazama kalenda. Tarehe 16 lita zimeshaanza kuhesabiwa, na nusu mwezi huwezi kuijaribu kuanzia katikati, maana malipo hayatalingana na chochote. Inabidi usubiri ya 1 hadi 15 Julai, kisha mwanze kweli tarehe 16 Julai. Ndiyo maana siku nane zinazaa kumi na tano. Hilo mwenyekiti atalielewa kuliko mtu yeyote, kwa sababu maisha yake yote anaenda na hizo nusu mwezi.

Chalii_wa_Kodi

Kwani lazima asubiri? Achukue lita za 16 hadi 31 Mei, zimeshalipwa na majibu yake yanajulikana. Aziingize kwenye mfumo wa majaribio, alinganishe. Siku mbili tu.

Bi_Raskazoni

Wazo zuri na ningelifanya hata hivyo, litathibitisha lita na bei. Lakini Mei hakuna aliyekatwa kwa awamu, kwa hiyo hakuna jibu la kulinganisha nalo kwenye kitu chenyewe kilichoombwa. Na makarani wa vituo hawajifunzi chochote kwa data uliyoingiza wewe ukiwa mezani.

Kuna jambo jingine linalohitaji uamuzi wao, si wako. Mfugaji ana deni la 90,000, awamu tatu za 30,000. Ng'ombe mmoja amekauka, nusu mwezi hii anastahili 24,000. Mfumo ukate zote 24,000 na kusogeza 6,000 mbele? Au umwachie kitu cha kula? Na kama ana makato ya akiba pia, lipi linatangulia? Ukiamua wewe kimyakimya, siku ya malipo fujo itakuwa dirishani kwa mhasibu.

Mtu_wa_Pongwe

Nimeandika upya. Nimeweka na njia ya pili, ambayo sikuwa nimeifikiria mwanzo:

> Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo. Ombi la kukata madeni ya duka kwa awamu nimelipokea, na linawezekana. Likiingia sasa, tutaanza kutumia mfumo 16 Julai badala ya 1 Julai.
>
> Programu ni siku nne. Kinachochukua muda ni daftari la duka: mkopo kama wa mama Zuhura umeandikwa kwa jina lake, uanachama ni wa mumewe. Kuoanisha wanachama wote ni siku nane, na tutamhitaji karani wa duka. Tutamaliza nusu mwezi ya 16 Juni ikiwa imeshaanza, kwa hiyo majaribio yatakuwa 1 hadi 15 Julai.
>
> Njia ya pili: tuanze 1 Julai kama tulivyopanga, lakini madeni ya duka niyatoe kwenye mfumo. Mhasibu apige awamu kwenye daftari na aingize kiasi kimoja cha kukata kwa kila mdaiwa. Awamu za mfumo zifuate baada ya malipo mawili kwenda salama. Ubaya wake ni kwamba salio la deni litaonekana kwenye daftari pekee mpaka wakati huo.
>
> Kwa njia yoyote, naomba kamati iamue: malipo ya mfugaji yakiwa madogo kuliko awamu, tukate kiasi gani? Nikipata jibu la njia ipi kufikia Ijumaa tarehe 12, tarehe hizi zitasimama. Gharama nitaileta kwa karatasi tofauti.

Bi_Raskazoni

Tuma. Mhasibu mpe nakala, kazi ya njia ya pili inamwangukia yeye.

Mzee_wa_Makorora

Mimi gharama ningeiweka humo humo. Ukiitenga, wataona ni ya hiari.

Mtu_wa_Pongwe

Nimetuma, mhasibu pia. Mwenyekiti kapiga simu, anaegemea njia ya pili. Mhasibu anasema wadaiwa ni zaidi ya 200 na hawezi kuwaingiza peke yake usiku mmoja kabla ya malipo. Kamati inakaa kesho. Ya gharama bado sijaipeleka, Mzee, naitafakari hoja yako.