Pluto imekosa nini?

Mama Rahma: Jamani wazima? Rahma karudi na karatasi ya mtihani, kaulizwa sayari ziko ngapi kaandika 9 kapigwa mkasi. Mimi shule nilisoma tisa, Pluto imeenda wapi?

Anko Sefu: Ipo palepale dada, ila waliitoa 2006 kwa sababu ni ndogo, hata Mwezi wetu unaizidi

Idi: Ndogo kweli anko ila siyo kilichoitoa. Wanaastronomia walivyokutana Praga Agosti 2006 hawakuweka kipimo cha ukubwa, walisema sayari izunguke Jua, iwe na uzito wa kutosha mvuto wake uifinyange iwe duara, na iwe imesafisha njia yake. Mawili ya kwanza Pluto inayo, la tatu ndo limeikwamisha wakaiita sayari kibete

Shangazi Mwana: Kusafisha njia ndo kufanyaje, inafagia?

Idi: Karibu na hivyo shangazi. Sayari yenye nguvu vipande vilivyo jirani inavimeza, au inavirusha mbali, au inavishika vizunguke inavyotaka yenyewe. Pluto haiwezi, iko katikati ya kundi kubwa la vipande vya barafu na yenyewe ndo inaongozwa, Neptuni ikizunguka Jua mara 3 Pluto inazunguka mara 2, kila siku hivyohivyo, ndo maana hazigongani hata kama Pluto kuna wakati inaingia ndani ya njia ya Neptuni

Anko Sefu: Mbona Mshtarii ina maelfu ya asteroidi kwenye njia yake na bado ni sayari?

Idi: Zile imezishika, zimekaa kundi moja mbele yake lingine nyuma. Ila anko hapo umegusa penyewe, hawakusema njia iwe safi kiasi gani, na Alan Stern aliyeongoza safari ya chombo kilichopita Pluto 2015 anaipinga hiyo maana

Bibi Tatu: Ile inayong'aa magharibi jioni ndo hiyo Pluto?

Idi: Hapana bibi ile Zuhura, Pluto kwa macho haionekani kabisa

Idi: Na haya yalishatokea. Ceres ilionekana Palermo tarehe 1 Januari 1801, iko kati ya Mirihi na Mshtarii, ikaitwa sayari, zikafuata Pallas, Juno na Vesta nazo zikaitwa sayari, kuanzia 1845 zikapatikana nyingine na nyingine mpaka wakaona haiwezekani zote ziwe sayari, zikawa asteroidi. Pluto nayo toka 1930 tuliijua iko peke yake kule, miaka ya 1990 majirani wakaanza kuonekana, halafu 2005 ikatangazwa Eris ambayo ina uzito kuizidi Pluto. Sasa ama Eris iwe ya kumi na wenzake wafuate, ama Pluto ishuke

Anko Sefu: Mi bado tisa 😤 watu wamekubaliana kwa kupiga kura tu

Mama Rahma: Rahma anauliza hiyo Ceres nayo ni duara?

Idi: Ni duara, mwambie ndo maana ilitolewa kwenye asteroidi za kawaida ikawa sayari kibete, na ni mkutano uleule ulioishusha Pluto