Tangazo la programu ya akiba: hadithi ianze na shida au na mafanikio?

Kalamu_Moto: Wakuu, nina skripti mbili za tangazo la programu ya kuweka akiba kwa vijana walioanza kazi karibuni. Ya kwanza inaanza na dada ambaye simu yake imepasuka na mshahara bado uko mbali. Ya pili inaanza akiwa na simu mpya, kisha tunarudi nyuma. Nichukue ipi?

TaaNyekundu: Sekunde ngapi? Linarushwa wapi? Mteja anataka watu wapakue tu, au waweke akiba ya kwanza?

Kalamu_Moto: Sekunde 30, Youtube. Anataka akiba ya kwanza.

Jiwe: Hadithi zinapoteza muda. Taja riba mwanzoni, basi.

TaaNyekundu: Jiwe, kwa mwenye pesa nyingi ni sawa. Anayeanza na kidogo, riba yake haionekani. Kinachomtia hofu ni kama ataweza kutoa pesa akikwama.
Kalamu, chukua ya kwanza. Pale Youtube mtu anaweza kuruka tangazo baada ya sekunde 5, na kioo kilichopasuka kinaeleweka hata sauti ikiwa imezimwa. Programu inaingia sekunde ya ngapi?

Kalamu_Moto: Ya 25. Ananunua simu, nembo inatokea.

Mama_Kibubu: Mimi hutumia kibubu miaka yote. Hiyo programu inaitwaje, na ni salama?

TaaNyekundu: Mama, hapa tunajadili tangazo lenyewe.
Kalamu, hiyo 25 ndiyo iliyoniumiza mimi. Niliwahi kutengeneza kisa cha kijana anayemjengea mama yake chumba. Tulipokionyesha ukumbini, watu walitokwa machozi. Kesho yake tukawapigia kuwauliza lilikuwa tangazo la nini. Wengi walisema la benki, mmoja akasema la saruji. Programu ilikuja mwishoni na haikufanya kitu chochote katika kisa. Ungeiondoa, kijana angejenga vilevile. Mteja alilipa, lakini hakurudi tena.
Kwako, kufikia sekunde ya 8 dada aweke mpango: mshahara ukiingia, kiasi kidogo kitengwe kabla hajakigusa. Kisha marafiki wamwite watoke. Aende nao, atumie kilichobaki, kilichotengwa kikae. Na zipite siku tatu za mshahara kabla hajanunua. Akinunua baada ya mwezi mmoja, mfanyakazi kijana atajua unamdanganya, maana mshahara wake anaujua.

Sauti_ya_Pwani: Nakubali, ila tumia mfanyakazi halisi. Mwigizaji ataonekana tu.

Jiwe: Mfanyakazi halisi ataganda mbele ya kamera! Na kama hofu ni kutoa pesa, mbona kisa chako hakionyeshi akitoa?

TaaNyekundu: Anatoa siku ya kununua simu.

Jiwe: Hiyo ni furaha. Mwonyeshe akitoa kwa dharura katikati, halafu aendelee.

Kalamu_Moto: Katika sekunde 30 itaingia kweli? Au nipunguze marafiki?

Sauti_ya_Pwani: Usiwaguse marafiki, hapo ndipo kila mtu anajiona.