Ulinganisho: rumba ya sebene, motoriki au muziki usio na ngoma kwa safari ndefu ya usiku?

MwendoPole: Wakuu, nina safari ya saa sita. Naondoka saa 4 usiku, nafika saa 10 alfajiri, peke yangu garini, barabara imenyooka karibu yote. Natafuta muziki wa kunipa ile hali ya njia kufunguka mbele yangu. Nimebaki na aina tatu: rumba ya Kikongo yenye sebene ndefu, motoriki, ule muziki wa Wajerumani wa miaka ya 1970 wenye pigo lisilobadilika, na ule wa vinanda unaoelea bila ngoma. Nipakue upi kwa wingi? Njiani mtandao ni wa kubahatisha.

KijanaWaGia: Achana na vyote hivyo. Piga vitu vya kasi, mapigo 130 kwa dakika kwenda juu, fungulia sauti. Usingizi hautakugusa.

MzeeSahani: Kijana, kuchangamka utachangamka, ila mguu nao utakanyaga bila wewe kujua. Warren Brodsky alichapisha jaribio mwaka 2001, watu wakiendesha kwenye mashine ya kuigiza udereva: kadiri muziki ulivyokuwa wa kasi, ndivyo mwendo wao ulivyopanda na makosa yakaongezeka. Na barabara tupu ya usiku haina gari la mbele la kukuzuia.

MwendoPole, kwa hali unayoitaka, mimi naweka motoriki mbele. Sikiliza "Hallogallo" ya Neu!, ya mwaka 1972. Ni kama dakika kumi, na Klaus Dinger anapiga ngoma ileile mwanzo mwisho, gitaa zikija na kuondoka juu yake. Haina kiitikio cha kusubiri wala kilele. Ndiyo maana unahisi unasonga bila kuhisi unakimbizwa. Kraftwerk nao wana "Autobahn" ya 1974, inayojaza upande mzima wa santuri, zaidi ya dakika 22. Angalizo moja: inaanza na mlango wa gari kufungwa, injini kuwashwa na honi. Gizani honi ile inaweza kukushtua ukatafuta gari ambalo halipo, basi iwashe kabla hujaondoka.

BabaWawili: Sisi tukisafiri kila mtu anachagua wimbo mmoja kwa zamu, watoto wakilala tunapunguza spika za nyuma. Hakuna ugomvi.

DadaNoti: BabaWawili, mwenzetu yuko peke yake 😊

Mzee, shikamoo. Nakubali kuhusu motoriki, lakini baada ya saa nzima inanipumbaza. Macho yako wazi, kilomita zimepita, sizikumbuki. Rumba hainifanyii hivyo, kwa sababu kuna mtu anaimba kisa na mimi namjibu. "Mario" ya Franco na TPOK Jazz, 1985, ni zaidi ya dakika 14; maneno kwanza, halafu gitaa zinachukua usukani. Nikiimba siwezi kusinzia.

MzeeSahani: Marahaba. Hilo la kupumbaza ni kweli, usikae na motoriki zaidi ya nusu saa mfululizo. Kwenye rumba chagua ya zamani. Sebene za vijana wa Zaiko na waliowafuata zina atalaku wa kupiga kelele, na mwendo unaongezeka. Hapo tunarudi kwa Kijana.

Huo usio na ngoma ndio unaodanganya kuliko yote. Nyumbani unasikika mpana kama mbuga. Garini, mngurumo wa matairi uko chini kwenye besi na unazimeza sehemu laini. Unaongeza sauti ili usikie, kisha kinanda kinapanda ghafla na kukupasua masikio. Ukijikuta unagusa kitufe cha sauti mara kwa mara, jua haufai kwa mwendo ule. Uweke mwanzoni tu, ukiwa bado na nguvu.

MwendoPole: Basi napanga hivi: saa ya kwanza vinanda, saa 5 hadi saa 8 nachanganya motoriki na rumba, halafu saa mbili za mwisho ndiyo Kijana anipe vitu vyake?

MzeeSahani: Hizo mbili za mwisho ndizo mbaya. Kuanzia saa 8 usiku mpaka alfajiri mwili wenyewe unadai kulala, na hakuna wimbo unaolipa deni hilo. Weka rumba unazojua maneno. Ukiona umeacha kuimba katikati ya mstari, au gari limegusa mstari wa pembeni, toka barabarani sehemu salama, zima muziki, lala dakika 20.

KijanaWaGia: Kuhusu mguu nimekuelewa mzee. Lakini wimbo mmoja wa kasi kati ya rumba mbili, kwa ajili ya kuamsha tu?

DadaNoti: Mmoja sawa, kwenye mteremko hapana. Na mzee, mimi hiyo saa 8 ningeanza na nyimbo nisizozijua kabisa, maana nilizozizoea naziimba hata nikiwa nusu usingizini.

MzeeSahani: Hapo tunatofautiana. Usizozijua zitakufanya utazame kioo cha redio kuona jina.